Gesti mbili, mji mmoja usioujua: ipi ya kulipia na ipi ya kuacha

Mdogo wangu wa kike alikuwa anaenda kwenye usaili wa kazi kwenye mji ambao hajawahi kukanyaga, hana ndugu kule wala rafiki, na basi linaingia stendi saa nne usiku. Akanitumia gesti tatu alizozipata mtandaoni akauliza dada nichague ipi. Nikaona niandike namna tulivyozilinganisha maana watu wengi wanaangalia vitu viwili tu, nyota na picha, halafu wanalipa, wakati hivyo viwili ndivyo rahisi kuliko vyote kuvipamba.

Majina nayaacha. Ya kwanza niiite ya Bustanini, ipo mtaa umetulia, picha zake nzuri kweli, ina nyota 4.5 Google Maps kwa rivyu 20. Ya pili niiite ya Barabarani, ipo kwenye barabara kubwa, jengo la zamani kidogo, nyota 4.2 lakini rivyu 310. Ya tatu ilikuwa kwenye ukurasa wa mitandao ya kijamii tu, haina rivyu popote, bei ya chini kuliko zote na wanataka hela yote kabla. Hiyo ya tatu nitaimaliza kwenye malipo huko chini, haina maelezo mengi.

Nyota 4.5 na nyota 4.2, nani mkubwa?

Kwa macho 4.5 imeshinda. Sasa piga hesabu kidogo. Google Maps mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuandika rivyu, hakuna anayemuuliza kama alilala pale au alipita tu nje. Nikafungua rivyu 20 za Bustanini nikazipanga kwa tarehe (unabonyeza Newest, usiziache kwenye Most relevant maana hapo unapangiwa wewe), nikakuta nane zimeandikwa ndani ya wiki moja, zote nyota 5, zote mstari mmoja wa aina ya mahali pazuri sana nimependa, na ukibonyeza jina la aliyeandika unakuta akaunti ina rivyu hiyo moja tu maisha yake yote. Siwezi kuapa kwamba ni ndugu wa mwenye gesti ila mimi nikishaona hivyo naziweka pembeni. Ukitoa hizo nane zikabaki 12, wastani unashuka kutoka 4.5 mpaka kama 4.2, yaani iko sawasawa na ya Barabarani.

Sasa geuza. Chukua rivyu nane za nyota 5 za uongo uziongeze kwenye zile 310 za Barabarani, wastani unabaki palepale 4.2, hautikisiki. Ndiyo maana gesti yenye rivyu nyingi na alama ya kawaida mimi naiamini kuliko yenye rivyu chache na alama ya juu, siyo kwamba ni nzuri zaidi, hapana, ni kwamba ile alama inakwambia kitu cha kweli.

Kama gesti ipo pia Booking.com angalia na kule, kwa sababu kule anayeandika ni mtu aliyebuku kupitia wao, kwa hiyo kudanganya ni kazi kidogo, na alama zao zinaenda mpaka 10 siyo 5 usije ukachanganya. Airbnb nao aliyebuku ndiye anaandika, ila kule mgeni na mwenyeji wanapeana maoni wote wawili na watu wanakuwa wapole sana, mtu anaona aibu kumsema aliyempokea vizuri, kwa hiyo hata sentensi ndogo ya kulalamika kule ichukulie kwa uzito.

Soma za nyota 3 kwanza

Za nyota 5 zinakwambia watu walifurahi, za nyota 1 mara nyingi ni mtu ana hasira zake, alikatwa hela au aligombana na mapokezi. Za nyota 3 na 2 ndipo kuna mtu ametulia anakwambia hiki kizuri hiki kibaya. Na humo usitafute malalamiko tu, tafuta malalamiko yanayojirudia kutoka kwa watu tofauti kwenye miezi tofauti. Google Maps kwenye rivyu kuna sehemu ya kutafuta neno, mimi huwa naandika maji, halafu mlango, halafu usiku, halafu kelele, halafu kunguni, moja moja. Kama mji una wageni wengi wa lugha nyingine tafuta maneno hayohayo kwa lugha zao pia.

Barabarani ilitoka hivi: kelele za magari zimetajwa na watu wengi sana, mwaka juzi, mwaka jana, mwezi uliopita, hilo halina ubishi, vyumba vya mbele havilaliki. Maji ya moto yanachelewa asubuhi, nalo limejirudia. Wizi umetajwa mara moja, mtu alisema begi lake lilifunguliwa, imepita zaidi ya mwaka, na mwenye gesti alimjibu palepale chini akasema wamebadilisha vitasa vya vyumba vyote na funguo za akiba zinakaa kwa meneja tu. Baada ya hapo halijatajwa tena na rivyu zimeendelea kumiminika. Hilo jibu lilinipa moyo kuliko kama kusingekuwa na lalamiko lolote, maana amekubali, amesema alichofanya, na kilichofuata kinaonyesha kweli amefanya.

Bustanini sasa. Kwenye zile 12 zilizobaki mbili zilinisimamisha. Moja ya nyota 2, ya miezi minne nyuma, imeandikwa tulifika saa nne usiku geti limefungwa tukapiga simu karibu nusu saa ndipo mtu akaja kufungua. Nyingine ya nyota 4, mtu kasifia usafi wee, mashuka meupe, bafu linanukia, halafu mwishoni kabisa kama anakumbuka akasema mlango unafungwa kwa ufunguo tu hauna komeo kwa ndani. Na mdogo wangu anafika saa nne usiku, peke yake. Hapo ndipo ujue kwamba rivyu haisomwi kwa ujumla, inasomwa kwa safari yako. Familia yenye gari inayofika saa nane mchana ile rivyu ya geti haiwahusu kabisa, kwa mdogo wangu ndiyo rivyu muhimu kuliko zote 20.

Kuhusu kunguni niseme kidogo kwa sababu wanafichwa sana. Wageni wengi hawaandiki neno kunguni, wanaandika niliamka nimewashwa mwili mzima au mbu wengi ingawa kulikuwa na neti. Ukiona maneno kama hayo kutoka kwa watu wawili ndani ya miezi mitatu minne ya karibuni, na hakuna jibu la mwenye nyumba kusema wamepiga dawa au wametupa godoro, hiyo gesti iache hata kama ni bei ya bure, maana kunguni unawabeba kwenye begi mpaka kwako. Lalamiko la miaka mitatu iliyopita ambalo halijarudi lisikutishe, wanaweza kuwa walishamalizwa.

Na picha, ziko za aina mbili, alizoweka mwenyewe na walizoweka wageni. Za mwenyewe zinapigwa siku ya kufungua chumba kipya. Angalia za wageni, na usiangalie kitanda, kitanda kila mtu anatandika. Angalia kona ya bafu pale ukuta unapokutana na sakafu, kama pana ukungu mweusi ujue hewa haipiti na usafi ni wa juujuu, na angalia dirisha lipo wapi. Bustanini ilikuwa na picha mbili tu za wageni, zote za bustani. Barabarani zilikuwa nyingi mno, mabafu yamechakaa, vigae vya zamani, lakini vikavu na vimesuguliwa.

Lokesheni: mita 200 za mwisho

Gesti zote huandika karibu na stendi au dakika 5 kutoka katikati ya mji. Dakika 5 kwa nini, kwa gari au kwa mguu, hawasemi. Na ule umbali unaouona kwenye apu za kubuku mara nyingi ni mstari ulionyooka kama anavyoruka ndege, kumbe katikati kuna reli au mto na wewe unazunguka. Kwa hiyo weka mwenyewe kwenye ramani, kutoka stendi mpaka gesti, chagua kutembea, ndipo upate ukweli. Barabarani ilitoka mita 600 kwa njia moja iliyonyooka. Bustanini wameandika kilomita 1.2, kwa mguu ikatoka karibu kilomita 2 yenye kona nyingi.

Lakini umbali siyo tatizo kubwa, teksi zipo. Kinachonihusu mimi ni mita 200 za mwisho, pale unaposhushwa mpaka mlangoni. Ingia Street View, zile picha za mitaa ndani ya Google Maps, kama mji ule upo, tembea taratibu mpaka getini. Angalia kama kuna nguzo za taa, kama nyumba za jirani zina watu au ni viwanja vitupu, kama kuna maduka yanayofungua mpaka usiku. Na tafadhali angalia tarehe ya picha, imeandikwa palepale kwenye skrini mwezi na mwaka, maana unaweza kuwa unaangalia mtaa wa miaka nane iliyopita. Street View ikikosekana badilisha ramani iwe ya setilaiti, mapengo na majengo yanaonekana.

Mtaa wa Bustanini mchana unapendeza, miti, kuta ndefu, kimya. Usiku kuta ndefu na kimya ni kitu kingine, mtu akikufuata hakuna dirisha hata moja linalotazama njia. Barabarani ina kelele ndiyo lakini kelele ile ni ya watu, kuna duka la dawa jirani na kituo cha mafuta upande wa pili, saa nne usiku bado kuna macho. Mimi kwa mtu anayefika usiku peke yake nachagua macho kuliko utulivu. Isipokuwa kama kilichopo jirani ni baa, hapo angalia rivyu za waliolala Ijumaa na Jumamosi, ni habari tofauti.

Halafu kitu ambacho wengi hawakijui, pini ya kwenye ramani inaweza kuwa imewekwa vibaya, wengine kwa kukosea wengine kwa makusudi ili waonekane wapo katikati ya mji. Jaribio lake rahisi, ukiwapigia simu waulize mkitazamana na geti lenu ng'ambo ya barabara kuna nini, halafu linganisha na unachokiona kwenye ramani. Barabarani wakajibu mara moja, kituo cha mafuta. Bustanini wakasema ukifika utatupigia tutakuelekeza. Hilo siyo kosa la jinai ila mtu wa mapokezi anayeshindwa kusema kilicho mbele ya geti lake unabaki unajiuliza. Kwa Airbnb ni tofauti, wao mara nyingi wanakuonyesha eneo la kukadiria tu, nyumba yenyewe unaijua ukishabuku, kwa hiyo unamuuliza mwenyeji jina la mtaa kwa meseji humohumo ndani ya apu kabla.

Kufikia hapo mezani tulikuwa na hivi:

| | Bustanini | Barabarani |
|---|---|---|
| Nyota ukitoa za kutia shaka | kama 4.2, rivyu 12 | 4.2, rivyu 310 |
| Lalamiko zito | geti usiku, komeo hakuna | kelele, maji ya moto |
| Usafi | unasifiwa | wa kawaida, umechakaa |
| Kutoka stendi kwa mguu | karibu km 2 | mita 600 |
| Mtaa saa nne usiku | mtupu | una watu |

Ukitazama vizuri utaona malalamiko ya Barabarani ni ya usingizi na ya kuoga, malalamiko ya Bustanini ni ya usalama. Hayo hayapimwi kwenye mzani mmoja. Kelele unaziba masikio, mlango usio na komeo huuzibi na chochote.

Piga simu, na upige usiku

Watu wanapiga simu saa nne asubuhi, mapokezi yuko freshi anajibu vizuri, wanaridhika. Wewe piga saa ileile utakayofika. Kama unafika saa nne usiku piga saa nne usiku, siku moja mbili kabla. Ukipokelewa umeshapata jibu la swali kubwa kuliko yote, kwamba kuna mtu yuko macho. Barabarani simu iliita mara tatu ikapokelewa. Bustanini haikupokelewa usiku ule, wakapiga wenyewe kesho yake asubuhi kwa heshima zote na kuomba radhi, watu wazuri tu, lakini ile rivyu ya nusu saa getini ikawa imethibitishwa.

Maongezi na Barabarani yalikuwa hivi, nayaweka ili uone maswali yenyewe:

"Samahani kaka, mdogo wangu anafika kesho usiku kama saa nne na nusu, atakuta mtu?"

"Atakuta, mimi mwenyewe nipo mpaka asubuhi, na mlinzi yupo getini."

"Mlango wa chumba ukiwa ndani unafungwaje?"

"Kuna kitasa, na komeo la kusukuma kwa ndani."

"Funguo ya akiba nani anayo?"

"Meneja, iko ofisini imefungiwa."

"Naomba chumba cha nyuma, siyo cha barabarani, ghorofa ya kwanza au ya pili, kisiwe cha chini."

"Cha nyuma kipo kimoja ghorofa ya kwanza, namba 14, nimwandikie?"

Angalia yale majibu, ni mafupi na yana vitu ndani yake. Mtu akikujibu usijali dada hapa usalama upo asilimia mia, hajakujibu. Rudia swali mpaka akutajie kitu, komeo, mlinzi, saa, namba ya chumba. Na usitaje kwamba anayekuja yuko peke yake, hawana haja ya kujua, sema wageni au mdogo wangu inatosha.

Ghorofa ya kwanza au ya pili naisema kwa sababu dirisha la chini linafikiwa na mtu yeyote aliyesimama nje, na ukienda juu sana nako siku ya moto ni mbali kushuka. Na dirisha likiwa na nondo uliza kama zinafunguka kwa ndani. Nondo zilizochomelewa moja kwa moja zinamzuia mwizi na zinakuzuia na wewe kutoka kama mlangoni kuna moto, kwa hiyo chumba cha namna hiyo kiwe na mlango ulio karibu na ngazi, siyo mwisho wa korido.

Wakikubali vidio kolu, na wengi wanakubali siku hizi, usiombe kuonyeshwa kitanda. Omba vitu vitatu, mlango kwa upande wa ndani, dirisha likifungwa na kufunguliwa, na bafu na hita yake. Kuhusu hita sikiliza hapa kidogo, hita ya umeme sawa, lakini hita ya gesi iliyofungwa ndani ya bafu dogo lisilo na tundu la hewa wala bomba la kutolea moshi nje hiyo inaua, inatoa kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi, mtu anasikia kichwa kinauma na usingizi mzito na hajui kwa nini. Gesti yenye hita ya hivyo hata ikiwa na nyota tano usilale, au waambie wakupe chumba kisicho nayo.

Malipo, na ile ya tatu

Sasa ile ya tatu. Picha zake zilikuwa nzuri kupita kiasi kwa bei ile. Nikachukua skrinishoti ya picha ya chumba nikaitafuta kwa Google Lens, ikatoka hoteli nyingine kabisa iliyoko nchi nyingine. Mdogo wangu akawaandikia kuomba picha ya chumba kikiwa na karatasi iliyoandikwa tarehe ya leo, wakamjibu vyumba vinaisha dada tuma hela tukushikie, vimebaki viwili. Tukaishia hapo. Haraka, hela yote kabla, kwa kutuma kwenye namba ya mtu binafsi, hivyo vitatu vikikutana usibaki kujadili.

Kwa hizi mbili halali tofauti ilikuwa hivi. Bustanini walitaka advansi asilimia 50 kwa kutuma kwa simu, hairudi ukighairi. Barabarani walikuwa Booking.com, unalipa ukifika, unaweza kughairi bure mpaka siku moja kabla. Ukizilinganisha fikiria hela inaweza kurudi kwa njia gani mambo yakiharibika. Ya kulipa ukifika ndiyo bora kwa mji usioujua, kwa sababu unakagua chumba ukiwa bado una hela mkononi. Ya kadi kupitia apu inafuata, kuna wa kumlalamikia na benki wanaweza kuirudisha ukiwa na ushahidi. Ya kutuma moja kwa moja kwa simu au benki ni ya mwisho, ikishaondoka imeondoka, ukilazimika tuma kidogo ya usiku mmoja tu na hakikisha jina linalotokea kabla ya kuthibitisha linafanana na la gesti au la mtu waliyekutajia. Soma pia mwisho wa kughairi bure ni saa ngapi, na ujue saa hiyo ni ya kule gesti iliko siyo ya kwako, kama mmepishana saa inaweza kukukosti.

Bei ya usiku tatu kwa mkupuo yenye punguzo isiyorudi usiichukue kwenye mji mpya. Lipa usiku mmoja, ukiipenda ongeza asubuhi, punguzo utakalokosa ni dogo kuliko kulazimika kulala sehemu unayoiogopa kwa sababu umeshailipia.

Na hili la kubuku mtandaoni limewaumiza watu wengi: umeshabuku vizuri, halafu inakuja meseji, tena wakati mwingine inakuja ndani ya maongezi ya apu yenyewe, inasema kadi yako imeshindwa kuthibitishwa bonyeza linki hii ndani ya saa 24 la sivyo chumba kinafutwa. Ina jina lako, tarehe zako, kila kitu sahihi. Hiyo inatokea wezi wakiiba nenosiri la akaunti ya gesti, wanaandika kama wao. Usibonyeze. Funga meseji, fungua apu mwenyewe, angalia buking yako inasema nini, kama inasema imethibitishwa basi imethibitishwa. Halafu pigia gesti kwa namba uliyoipata sehemu nyingine, siyo iliyo kwenye hiyo meseji. Hakuna gesti inayohitaji namba ya siri ya kadi yako kwa chati.

Tulichochagua, na lini ningechagua nyingine

Barabarani, chumba namba 14 cha nyuma, kulipa akifika. Ningekuwa nachagua kwa ajili ya wazazi wangu wanaokuja na gari mchana na wanataka kulala usingizi, ningewapeleka Bustanini bila wasiwasi, ningeomba tu wafungiwe komeo au wapewe chumba kilicho nalo, na ningekataa kutoa nusu nzima. Usafi wa Bustanini ulikuwa bora, hilo lazima niseme. Kwa mtu mmoja anayeshuka kwenye basi usiku usafi bora haufidii geti lisilofunguliwa.

Alipofika nilimwambia asisaini wala asilipe kwanza, aombe kuona chumba, begi aliache mapokezi au aliweke bafuni juu ya vigae, siyo kitandani. Akasukuma komeo, likaingia mpaka mwisho. Akavuta dirisha. Akafungua bomba. Akanyanyua shuka kwenye kona ya godoro akamulika mshono kwa tochi ya simu, pale wanapokaa, unatafuta vidoti vyeusi kama vya peni vilivyokusanyika kwenye mshono na mdudu mwenyewe ni wa rangi ya kahawia, bapa, urefu kama milimita 5, halafu ukimaliza godoro unamulika nyuma ya ubao wa kichwani. Palikuwa safi. Kitasa ndicho kilikuwa kimelegea, ufunguo unazunguka bila kushika vizuri, akarudi chini akasema, yule kaka akapanda na bisibisi akakikaza mbele yake, dakika chache tu, ndipo akalipa usiku mmoja akachukua risiti.